Bei za rejareja, jumla na wakala zinapogongana kwenye oda: dalili, chanzo na marekebisho

Simu huingia asubuhi, gari likiwa bado linapakiwa. "Dada, shikamoo yako nitaidai baadaye. Mbona leo katoni sabini na nane elfu? Mimi si wakala tena?" Karani anatazama skrini, anaona 78,000, anajibu kwamba mfumo ndio umesema hivyo. Wakala ana haki ya kuwaka. Lakini ile 78,000 haikuzuka yenyewe. Imetoka kwenye orodha fulani, na ukiisoma vizuri itakuambia ni orodha ipi.

Mwongozo huu ni wa wenye maduka ya jumla, makarani wa oda na wanaowasaidia kwenye mfumo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: duka la jumla maeneo ya soko la Kilombero, Arusha, linalouza mafuta ya kula, katoni ya chupa 12 za lita moja. Wateja wake ni watu wa kaunta, wenye maduka wa Usa River na Monduli wanaonunua jumla, mawakala wanaosambaza Mto wa Mbu na Karatu, na hoteli chache zenye bei ya mkataba. Bei zote hapa ni za kutolea mfano na tayari zina VAT ndani yake.

| Orodha | Kipimo | Kuanzia | Bei (shilingi) |
|---|---|---|---|
| Rejareja | chupa | 1 | 6,500 |
| Jumla | katoni | 1 | 72,000 |
| Jumla | katoni | 10 | 70,800 |
| Jumla | katoni | 50 | 69,600 |
| Wakala | katoni | 1 | 68,400 |
| Mkataba wa hoteli | katoni | 1 | 70,200 |

Mifumo mingi hutafuta bei kwa kushuka hatua kwa hatua. Inaanza na bei maalum ya mteja huyo kwa bidhaa hiyo. Isipoipata, inakwenda kwenye orodha ya kundi lake, yaani jumla au wakala. Ikikosa na huko, inaangukia orodha ya msingi, ambayo kwa maduka mengi ni rejareja. Katika kila hatua inauliza mambo matatu: tarehe imo? Kipimo ni kilekile? Idadi imefika ngazi ipi?

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, chukua kalamu na uihoji namba iliyotokea. Igawanye kwa 12. Igawanye kwa 1.18. Ilinganishe na kila mstari wa jedwali. 78,000 ukigawa kwa 12 unapata 6,500, hiyo ni rejareja: mfumo umeshuka hadi chini kabisa. 80,712 ukigawa kwa 1.18 unapata 68,400: bei ya wakala ni sahihi ila VAT imeongezwa mara ya pili. 64,980 ni asilimia 95 ya 68,400: kuna punguzo la asilimia 5 limekatwa juu ya bei ambayo tayari ni ya wakala. Hesabu hii ya dakika mbili inakuepusha na kuhangaika saa nzima sehemu ambayo haina tatizo.

Dalili ya kwanza: wakala anatokea na bei ya rejareja

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Anza na jina la mteja juu ya oda. Mara nyingi karani alichagua "Mteja wa Kaunta" kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, au alichagua jina linalofanana. Duka moja huweza kuandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la mwenye duka na mara ya pili kwa jina la duka lenyewe, na ni moja tu kati ya hayo lililofungwa kwenye orodha ya wakala. Usitafute kwa jina. Tafuta kwa namba ya simu au TIN. Ukikuta rekodi mbili, angalia ipi ina deni na historia, hiyo ndiyo ibaki. Nyingine ifungwe isichaguliwe tena. Usiifute, maana ankara zake za zamani zinaitegemea.

Kama jina ni sahihi, muulize karani alianza na nini, mteja au bidhaa. Wengi huandika bidhaa kwanza mteja akiwa anazitaja, kisha jina linakuja mwisho. Mfumo unapopokea bidhaa bila mteja unaweka bei ya msingi, na mifumo kadhaa hairudi nyuma kubadilisha bei jina likishaingia. Kwenye Odoo, kwa mfano, ukibadilisha orodha ya bei kwenye oda ambayo tayari ina bidhaa, bei hubaki zilezile mpaka ubonyeze `Update Prices`. Jaribio ni rahisi: fungua oda mpya, weka wakala kwanza, kisha bidhaa ileile. Ikitoka 68,400, tatizo ni mpangilio wa kazi kaunta. Dawa yake ni kuufanya mfumo ukatae kupokea bidhaa kabla ya mteja. Kuwaambia makarani wakumbuke hakusaidii. Siku ya soko hakuna anayekumbuka.

Oda mpya nayo ikitoa 78,000, fungua fomu ya mteja na utazame sehemu ya orodha ya bei. Ikiwa tupu, mfumo unapanda kwenye kundi lake, na kundi likiwa tupu unaenda kwenye mpangilio wa jumla wa kampuni. ERPNext hufuata njia hiyohiyo: mteja, kisha `Customer Group`, kisha `Selling Settings`. Mara nyingi unakuta mawakala wa zamani waliwekewa orodha mmoja mmoja, na wapya wakawekwa kwenye kundi la wakala wakidhaniwa wamemaliza, kumbe kundi lenyewe halijawahi kupewa orodha. Weka orodha kwenye kundi, kisha mteja mmoja mmoja apewe ya kwake pale tu anapokuwa na makubaliano tofauti.

Sababu ya nne huwachanganya hata wazoefu. Mteja yuko sawa, kundi liko sawa, bidhaa nyingine kwenye oda hiyohiyo zina bei ya wakala, ni moja tu iliyotoka na rejareja. Hapo bidhaa hiyo haimo kwenye orodha ya wakala. Hutokea hasa kiwanda kinapobadilisha ujazo au vifungashio: stoo wanafungua msimbo mpya wa bidhaa, wanauwekea bei ya rejareja ili iuzike siku hiyohiyo, na orodha nyingine zinasahaulika. Mfumo haulalamiki, unaangukia orodha ya msingi kimya kimya.

Binafsi siukubali mwangukio huu kwa mawakala. Mtu wa jumla akiona rejareja ataona mara moja na kuuliza. Wakala mwenye bidhaa 40 kwenye oda hataiona ile moja mpaka afike Karatu na kugundua hawezi kuiuza kwa faida. Ni afadhali mfumo usimame na kusema bidhaa haina bei ya wakala, oda ingoje dakika tano aitwe mwenye duka. Kama mfumo wako hauna kizuizi hicho, angalau endesha kila wiki orodha ya bidhaa zinazouzika zisizo na mstari kwenye orodha ya wakala:

```sql
SELECT b.msimbo, b.jina
FROM bidhaa b
LEFT JOIN bei p
  ON p.bidhaa_id = b.id AND p.orodha = 'WAKALA'
WHERE b.inauzwa = 1 AND p.id IS NULL;
```

Majina ya majedwali badilisha kulingana na mfumo wako. Swali hili linasoma tu, haliharibu kitu.

Ya mwisho na ya nadra: hoteli au kampuni yenye matawi. Mkataba umeandikwa kwa ofisi kuu iliyoko mjini, oda imeandikwa kwa jina la kambi inayopokea mzigo. Kama mfumo unasoma bei kwa anayepokea badala ya anayelipa, kambi inahesabiwa kuwa mgeni. Hakikisha tawi limeunganishwa na mwenye mkataba, na bei inasomwa kwa anayelipa.

Dalili ya pili: bei haishuki kwa wingi, au inashuka mapema mno

Bei isiposhuka mteja atakupigia. Ikishuka mapema hapigi mtu, na ndiyo inayokula duka polepole.

Chanzo kikubwa ni kipimo. Ngazi imeandikwa "kuanzia 50" na aliyeiandika alifikiria katoni. Mfumo unahesabu kwa kipimo cha msingi cha bidhaa, ambacho stoo walikiweka chupa. Mteja wa Usa River anaagiza katoni 5. Mfumo unaona chupa 60, unasema 50 imepita, unatoa bei ya 69,600 badala ya 72,000. Duka limepoteza 2,400 kwa katoni, 12,000 kwa oda hiyo moja, na oda za katoni tano tano ndizo nyingi zaidi kwa siku. Odoo iko hivi: idadi ya chini kwenye kanuni ya bei inasomwa kwa kipimo cha msingi cha bidhaa, hata kama oda imeandikwa kwa katoni. Hapo ngazi za 10 na 50 ziandikwe 120 na 600.

Kosa hilo likigeuka upande wa pili, kipimo cha msingi ni katoni na mtu akaandika 600 akifikiria chupa, hakuna mteja atakayeifikia ngazi hiyo kamwe.

Namna ya kujaribu: tengeneza oda za majaribio za katoni 9, 10, 11, 49 na 50, usizithibitishe, andika bei ya kila moja. Ya 9 itoke 72,000, za 10, 11 na 49 zitoke 70,800, ya 50 itoke 69,600. Kama ya 10 bado ni 72,000 na ya 11 imeshuka, aliyeandika kanuni ametumia "zaidi ya 10" badala ya "10 na kuendelea". Hiyo ni alama moja tu kwenye msimbo wa programu, lakini mwachie fundi aibadilishe, maana alama hiyohiyo huenda inatumika kwenye ngazi za bidhaa zote.

Kisha angalia kama mzigo umegawanywa kwenye mistari miwili. Karani ameandika katoni 30, mteja akaongeza 30, karani akafungua mstari mpya. Kila mstari unasomwa peke yake, zote mbili zinabaki ngazi ya 10. Kwa bidhaa ileile, unganisha mistari. Kwa bidhaa za jamii moja, mfano sabuni ya rangi tatu tofauti, hili si la fundi. Ni la mwenye duka kuamua kama rangi zinajumlishwa pamoja kufikia ngazi, aliandike, kisha mfumo ufuate.

Kuna na utata wa maana ya ngazi yenyewe. Katoni 60: je, zote zinapata 69,600, au zile 9 za kwanza zinalipiwa 72,000, 40 zinazofuata 70,800, na 11 za mwisho tu ndizo zipate 69,600? Njia ya kwanza inatoa 4,176,000. Ya pili inatoa 4,245,600. Tofauti ni 69,600, bei ya katoni nzima. Kwenye maduka yetu mteja anaelewa njia ya kwanza na ndiyo aliyoahidiwa kaunta. Ukikuta mfumo unatumia ya pili, kuna uwezekano mkubwa uliletwa na mpangilio wake wa kiwandani na hakuna aliyeuliza.

Dalili ya tatu: mteja wa mkataba analipa zaidi ya mteja wa kawaida wa jumla

Hii nataka tuikalie, kwa sababu hapa mfumo unafanya kazi sawasawa na matokeo yake bado ni mabaya.

Hoteli ya Karatu ilikubaliana na duka bei ya 70,200 kwa katoni wakati ikinunua katoni 20 kwa mwezi. Kwa katoni 20 mteja wa jumla analipa 70,800, kwa hiyo hoteli ilikuwa inapata nafuu ya 600. Biashara ikakua, msimu wa wageni ukafika, hoteli ikaagiza katoni 60 kwa mkupuo. Mfumo ukaanza juu kama kawaida, ukakuta bei maalum ya mteja, ukachukua 70,200 na kusimama hapo. Haukushuka hata kuangalia kwamba mwenye duka wa Monduli akinunua 60 analipa 69,600. Hoteli imelipa 36,000 zaidi ya mtu asiye na mkataba wowote. Na watu wa manunuzi wa hoteli wanaongea na wenye maduka, usidhani hawatajua.

Angalizo la kwanza ni rahisi: fungua oda ya majaribio kwa jina la hoteli, kisha nyingine kwa mteja yeyote wa jumla, katoni 60 kila moja. Kama mkataba umezidi, chanzo ni hicho. Kisha pitia mikataba yote mingine, maana haitakuwa mmoja.

Kurekebisha kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuupa mkataba ngazi zake. Ibaki 70,200 kuanzia katoni 1, iongezwe bei nyingine kuanzia 50. Ni njia safi, inasomeka, na hakuna mteja mwingine anayeguswa. Ubaya wake ni kwamba bei ya jumla ikipanda au kushuka mwezi ujao, mkataba unabaki ulipo mpaka mtu aukumbuke.

Ya pili ni kuufunga mkataba kwenye orodha ya jumla: "bei ya jumla kasoro 600". Katoni 20 zinatoka 70,200 kama zamani, katoni 60 zinatoka 69,000, na bei ya jumla ikisogea nayo inasogea. Ndiyo ninayoipendelea kwa wateja wengi wa mkataba. Lakini angalia upande wa chini: hoteli ikiagiza katoni 5 tu, sasa inapata 72,000 kasoro 600, yaani 71,400, wakati mkataba wa zamani uliwapa 70,200 hata kwa katoni moja. Zungumza nao kabla ya kubadilisha. Ukibadilisha kimya watakuja na karatasi yenye saini.

Ya tatu ndiyo inayopendekezwa haraka na watu wa mifumo: mfumo ukusanye bei zote zinazomhusu mteja na uchukue ndogo kuliko zote. Inavutia, na ninaiogopa. Siku mtu akiandika 7,020 badala ya 70,200, bei hiyo itashinda mahali pote inapofika. Bei ya ofa iliyosahauliwa bila tarehe ya mwisho itashinda milele. Ukilazimika kuitumia, weka na sakafu: bei yoyote iliyo chini ya gharama ya kununulia isipite bila mwenye duka kuidhinisha.

Kama unatumia mfumo wa kununuliwa, fahamu kanuni yake kabla ya kubishana nao. Odoo hutanguliza kanuni iliyo mahususi zaidi: ya bidhaa hushinda ya kundi la bidhaa hata kama ya kundi ni nafuu. ERPNext, ikikuta `Pricing Rule` mbili zinazolingana kwa kila kitu, hukataa kuchagua na kukutaka uzipe `Priority`. Yenye namba kubwa ndiyo inayotangulia. Na angalia kwenye oda kama kuna mtu ameweka tiki kwenye `Ignore Pricing Rule`, hapo kanuni zako zote zinarukwa.

Dalili ya nne: bei ya zamani inarudi, au mpya inachelewa

Bei mpya zimeanza tarehe 1 Julai. Oda moja inatoka na bei mpya, inayofuata ya zamani, bidhaa ni ileile. Mara nyingi mstari wa zamani haukufungwa tarehe ya mwisho, kwa hiyo ipo mistari miwili halali kwa siku moja na mfumo unaokota wowote. Kwa macho ni vigumu kuiona kwenye orodha ya bidhaa mia kadhaa. Tumia hili:

```sql
SELECT a.id, b.id, a.bidhaa_id, a.orodha
FROM bei a
JOIN bei b ON a.id < b.id
  AND a.bidhaa_id = b.bidhaa_id
  AND a.orodha = b.orodha
  AND a.kipimo = b.kipimo
  AND a.kuanzia = b.kuanzia
WHERE a.mwanzo <= COALESCE(b.mwisho, '9999-12-31')
  AND b.mwanzo <= COALESCE(a.mwisho, '9999-12-31');
```

Kila jozi itakayotoka ni mgongano. Uifunge ya zamani kwa tarehe ya siku moja kabla ya mpya kuanza, yaani 30 Juni.

Kama hakuna mgongano, uliza mfumo unasoma tarehe gani: ya oda, ya kupeleka mzigo au ya ankara? Oda ya tarehe 29 Juni inayopelekwa tarehe 2 Julai itakuwa na bei mbili tofauti kulingana na jibu. Kwa maoni yangu mteja aliyethibitisha oda ameshika bei ya siku ile, na bei ikae imegandishwa kwenye mstari wa oda. Ya proforma nayo ishikwe mpaka tarehe iliyoandikwa juu yake. Angalia pia kama kufungua oda ya zamani kurekebisha tu namba ya gari kunaifanya ihesabu bei upya. Ikihesabu, ni kasoro, ipelekwe kwa fundi.

Chanzo cha nadra lakini cha kuudhi ni saa. Mifumo mingi iliyo mtandaoni huhifadhi muda kwa UTC, nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mwisho wa orodha ukihifadhiwa kama `2025-06-30 00:00` UTC, orodha inakufa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 30, na siku nzima ya mwisho wa mwezi inauzwa bila orodha hiyo. Ishara yake ni hii: kosa linatokea siku ya mwisho ya kila orodha, na kesho yake limeponyoka lenyewe.

Dalili ya tano: tofauti ya asilimia kamili

Ikiwa namba imezidi kwa asilimia 18, orodha iliandikwa ikiwa na VAT na mfumo umeambiwa haina. Kinyume chake, 68,400 ikitoka kama 57,966.10, mfumo umetoa VAT kwenye bei na kusahau kuirudisha. Tazama alama ya "bei ina kodi ndani" kwenye kila orodha, si moja tu. Kawaida rejareja huwekwa sawa, na wakala, iliyoongezwa baadaye, husahaulika. Ikiwa imepungua kwa asilimia 5 au 3, tafuta punguzo lililoandikwa kwenye fomu ya mteja kabla hajapewa orodha ya wakala, likabaki hapo.

Dalili ya sita: bei haimo kwenye orodha yoyote

71,000 haigawanyiki kuwa chochote kwenye jedwali letu. Hiyo kwa kawaida imeandikwa kwa mkono. Tazama historia ya oda uone nani na saa ngapi. Inaweza kuwa ni ridhaa halali ya mwenye duka kwa simu, kwa hiyo uliza kabla ya kutuhumu. Kama orodha ilipakiwa karibuni kutoka kwenye faili la Excel, kagua koma: kuna mifumo inayosoma "68,400" kama 68.4, na katoni ya mafuta inauzwa kwa shilingi sitini na nane. Pakia namba bila koma, na baada ya kila upakiaji panga orodha kuanzia bei ndogo uone zile zilizotangulia.

Wapi pa kuishia

Risiti ya EFD ikishatoka, usijaribu kuifuta wala kuhariri ankara ili namba zilingane. Mhasibu ndiye atakayesema kama inatolewa hati ya kupunguza deni na inaingizwaje kwenye ritani. Hali kadhalika kosa la VAT lililodumu zaidi ya mwezi mmoja: rekebisha orodha leo ili lisiendelee, lakini ankara za nyuma mwachie yeye.

Usiendeshe `UPDATE` wala `DELETE` kwenye hifadhidata inayotumika, hata kama mtu amekutumia mstari wake kwenye WhatsApp na kuapa unafanya kazi. Maswali mawili niliyoandika hapo juu ni ya kusoma. Kubadilisha bei kufanyike kupitia skrini za mfumo, na kama ni bidhaa nyingi, baada ya kuchukua nakala ya akiba. Simama pia ukikuta bei zimebadilishwa usiku au kwa jina la mtu aliyeacha kazi. Usirekebishe kwanza. Piga picha historia, mpe mwenye duka taarifa, badilisheni nywila, ndipo mwite fundi.

Na unapomwita, usimwambie "mfumo unakosea bei". Mtumie namba ya oda, jina la mteja na kundi lake, msimbo wa bidhaa, idadi na kipimo kama vilivyoandikwa, bei iliyotokea, bei uliyotarajia na orodha ulikoitoa. Kwa mfano: oda ya hoteli ya Karatu, katoni 60, imetoka 70,200 kutoka bei maalum, tulitarajia 69,000 kwa kanuni ya jumla kasoro 600, oda ya majaribio ya katoni 20 inatoka sawa. Kwa ujumbe huo atajua kabla ya kufungua kompyuta kwamba kanuni mpya imewekwa lakini mstari wa zamani wa 70,200 bado upo na unaitangulia.